Barua kwa Bibi kuhusu nakshi za vikapu vyetu: jinsi ya kuuliza ukajibiwa

Ukimwuliza bibi yako "nakshi hii maana yake nini?", mara nyingi atakujibu "ni pambo tu", na mazungumzo yataishia hapo. Si kwamba hana la kusema. Ujuzi wake umo mikononi, na swali la maana haliufikii. Mwulize alivyoanza, alivyohesabu na alivyoshona, uone atakavyofunguka.

Mimi nasomea sanaa Uingereza, na bibi yangu yuko Pemba, anasuka ukili, ule mkanda wa chane za majani ya ukindu unaoshonwa kuwa mkoba, tangu alipokuwa msichana. Baada ya kutembelea Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford nilimwandikia barua hii. Naiweka hapa karibu yote, kwa ajili ya wenzangu walio ughaibuni wanaotaka kuwauliza wazee wao juu ya vyombo vya nyumbani.

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ila baridi. Mwambie mdogo wangu akusomee polepole, na ile mikoba yako miwili ya zambarau iwe mbele yako, pamoja na kawa ya kufunikia chakula.

Juzi nilikwenda kwenye makumbusho ambayo huingii moja kwa moja. Unapita kwanza katika makumbusho mengine yenye mifupa ya wanyama wa kale, kisha unafika kwenye ukumbi wa mwanga hafifu. Wameupunguza makusudi, kwa sababu mwanga hula rangi za majani na nguo. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1884, na vitu vyake havikupangwa kwa nchi bali kwa aina. Vikapu vimewekwa pamoja na vikapu, vya Afrika kando ya vya Amerika na vya visiwa vya Pasifiki. Nilipenda, kwa sababu ukisimama hapo huachi kutazama namna kila kimoja kilivyotengenezwa.

Nilivitazama nikiwaza kazi yako, Bibi. Vingine vimeshonwa kwa kuzungusha fungu la nyasi, na kila pindi likifungwa juu ya lililotangulia. Mshonaji wa namna hiyo akitaka rangi nyingine, hubadilisha palepale. Wewe huwezi. Wewe unasuka kwanza ukili mrefu, halafu ndio unaushona ukizunguka kuanzia kitakoni. Kwa hiyo nakshi yako inaamuliwa mapema, pale unapopanga chane zipi ziwe za rangi na zipi ziwe nyeupe. Ukishaanza kusuka, nakshi inajirudia yenyewe hadi mwisho wa ukili.

Hapo nikakumbuka ile mikoba yako miwili. Katika mmoja, zile pembepembe za zambarau zimesimama wima, moja juu ya nyingine. Katika wa pili zinapanda kimshazari, kana kwamba zinauzunguka mkoba. Rangi ni zilezile, pembe ni zilezile. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Tuseme nakshi inajirudia kila sentimita 6. Mkoba ukiwa na mzunguko wa sentimita 90, nakshi inaingia mara 15 kamili, na kila pembe inakaa juu ya mwenzake. Mzunguko ukiwa sentimita 92, zinabaki 2, basi kila ukizunguka nakshi inasogea sentimita 2, na baada ya mizunguko mitatu inarudi kukutana na ya kwanza. Huo ndio mshazari. Na kawa, kwa kuwa kila mzunguko wake ni mrefu kuliko uliotangulia, nakshi zake haziwezi kusimama wima kutoka kileleni hadi ukingoni; lazima zijipinde.

Sasa naomba uniambie, Bibi. Ukifika mwanzo wa ubavu wa mkoba, unajuaje kwamba nakshi zitakutana? Unapima kwa kitu, au unatazama tu? Ule mkoba wa mshazari uliutaka hivyo? Ukili wa pembepembe unauanza na chane ngapi, na za rangi unaziweka wapi? Zambarau ile ni rangi ya dukani, na kabla ya rangi za dukani mama yako alichemsha nini? Usijibu yote mara moja. Chagua moja, unionyeshe kwa mikono, na mdogo wangu akurekodi.

Mjukuu wako akupendaye.

Majibu yalikuja kwa sauti na video, yamekatikakatika, mengine kuku wakilia nyuma yake. Kuhusu kupima alisema kwamba kabla ya kushona mzunguko wa kwanza wa ubavu anauzungusha ukili bila kuushona na kutazama nakshi zinapogongana. Zikipishana, anafumua kidogo ukingo wa kitako na kukipunguza au kukiongeza. Ule wa mshazari hakuupanga hivyo. Ukili wake ulisukwa na dada yake, naye Bibi akaushona kwenye kitako alichokwisha kukiandaa kwa ukili wake mwenyewe, ambao nakshi yake ilikuwa na kipimo kingine. Baadaye akaupenda, akauacha.

Jibu hilo ni la thamani kuliko maana yoyote ambayo angenitungia kunifurahisha, maana linaonyesha kwamba chombo kimoja kinaweza kuwa na mikono miwili. Kwa hiyo ukiuliza, tenganisha maswali: nani alisuka, nani alishona, na ukindu ulitiwa rangi na nani. Katika kumbukumbu za makumbusho utakuta jina la aliyekusanya au kutoa kitu, lakini jina la aliyekitengeneza mara nyingi halipo. Namba ya kitu pale Pitt Rivers huanza na mwaka, na watu wengi hudhani ndio mwaka kilipotengenezwa. Ni mwaka kilipoingia kwenye mkusanyiko; chenyewe kinaweza kuwa cha zamani zaidi. Ukitafuta kwenye orodha yao ya mtandaoni, usiandike jina la kijiji chako pekee. Jaribu pia Zanzibar, na kwa bara German East Africa, kwa kuwa vitu vingi viliandikwa kwa majina ya utawala wa wakati ule.

Kuhusu rangi, usiamini uso wa nje. Mwombe aliye nyumbani apige picha ndani ya mkoba, kisha pale ukili mmoja unapolalia mwingine kwenye mshono, bila kufumua chochote. Mwanga haufiki hapo, hivyo rangi hubaki karibu na ilivyokuwa siku ya kwanza. Mkoba wa Bibi ambao nje unaonekana wa kijivu, kwenye mshono bado ni wa zambarau iliyokolea. Picha zipigwe mchana kivulini, rula ikiwa kando, moja ya ubavu na moja ya kitako, maana kitakoni ndipo utaona kazi ilipoanzia. Bila rula huwezi kupima nakshi inajirudia kila baada ya sentimita ngapi, na hesabu yote niliyoeleza haitawezekana.

Jina la nakshi liulize mwisho, tena kwa zaidi ya mtu mmoja. Pembepembe za Bibi, jirani yake wa nyumba ya tatu anaziita kwa jina jingine kabisa, na wote wawili wamejifunza kwa mama zao. Sikumchagua mmoja kuwa ndiye sahihi. Nimeandika majina yote mawili, na mbele ya kila moja nimeandika nani kalisema, kijiji alichofunzwa, na mwaka niliorekodi.