Imani inapoubeba msiba na inapoukwepa

Swali: Mshauri, shikamoo. Dada yangu alifiwa na mume miezi minane iliyopita. Tangu mazishi sijamwona akilia. Ukimgusia shemeji anajibu, "Mungu hakosei, nimeshamshukuru," kisha anabadilisha mazungumzo. Anasali usiku wa manane hadi alfajiri, amekonda, na barua za benki zimelundikana hajazifungua. Watu wanamsifu kwa imani, ila mimi nina wasiwasi. Nitajuaje kama hiyo ni imani imara au anayakimbia majonzi? Na nimsemeshe vipi?

Jibu: Marahaba. Kwanza nikuombe uyaweke machozi kando, maana ni kipimo kibovu. Mwanasaikolojia George Bonanno amewafuatilia waliofiwa kwa miaka mingi, na alichokuta ni kwamba wengi hawaporomoki, wala utulivu wao si ishara kwamba kuna bomu limefukiwa litakalolipuka baadaye. Wengine walikwisha kulia wakati wa kuuguza. Wengine hawalii mbele za watu, basi. Kama ungeniandikia tu kwamba dada halii, ningekujibu umwache.

Kilichonifanya nikae na barua yako ni mambo mengine matatu: anageuza mazungumzo kila mara, halali, na barua za benki zimefungwa. Hayo matatu yanasomwa pamoja.

Hili jambo lina jina katika fani yetu. Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, John Welwood, ambaye yeye mwenyewe alifuata njia ya Ubudha, aliandika juu ya kitu alichokuwa akikiona kwa watu wa tafakuri: walitumia mafundisho ya kiroho kuruka maumivu na shughuli za maisha ambazo hawakuwa wamezimaliza. Kwa Kiswahili mimi huita ukwepaji wa kiroho. Welwood hakuwa anapinga dini, na wala mimi sipingi. "Mungu hakosei" inaweza kuwa kauli ya kweli tupu kinywani mwa mtu anayeukwepa msiba wake. Kwa hiyo usichunguze kama dada anaamini kweli. Chunguza kauli ile inafanya kazi gani inapotoka.

Nikueleze kwa mfano wa mama mmoja niliyemhudumia. Nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha. Naye alifiwa na mume, akaletwa kwangu na binti yake mkubwa mwezi wa saba baada ya msiba. Kauli yake ilikuwa "yote ni mapenzi yake." Katika kikao cha kwanza sikuigusa kauli hiyo hata kidogo, nilisikiliza tu inakuja wakati gani. Nikataja hospitali, ikaja. Nikataja mtoto mdogo, ikaja. Nikauliza nani sasa analipa kodi ya nyumba, ikaja vilevile, kwa sauti ileile, kabla sijamaliza kuuliza. Kila ilipotoka, mabega yalipanda na taya likakaza. Hapo ndipo palinipa jibu. Imani inayobeba msiba huja baada ya mtu kuuangalia msiba, na ikishatamkwa mtu anaweza kuendelea kuzungumza. Inayokwepa hutangulia kama mlango unaofungwa, na baada yake mazungumzo yamekwisha.

Mwili nao una ushahidi wake. Katika miaka ya 1990 James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha na za kuchukiza, wakawaambia baadhi yao wazuie hisia zisionekane. Nyuso zilitulia kweli, lakini vipimo vya moyo na mishipa vilionyesha mwili unafanya kazi zaidi kuliko wa wale walioachiwa huru. Mtu anayezuia huzuni mchana kutwa huipeleka kitandani mwili ukiwa bado macho. Ndiyo maana nauliza usingizi mapema. Sala ya usiku inayomrudisha mtu kulala akiwa mwepesi ni sala. Anayeanza saa nane kwa sababu hawezi kulala gizani na mawazo yake, akamaliza alfajiri amechoka zaidi, anahitaji kuulizwa kwa upole ni kitu gani humjia akinyamaza.

Sasa barua za benki, na hizi ndizo zilizonipa wasiwasi kuliko yote. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba aliyefiwa huenda na kurudi kati ya pande mbili. Upande mmoja anaomboleza: anakumbuka, anatamani, anashika nguo za marehemu. Upande wa pili anajenga upya: analipa madeni, anajifunza kazi ambazo mwenzake ndiye alizifanya, anapumzika kidogo kutokana na huzuni. Kuukimbia upande mmoja kwa muda si kosa, ndiyo afya yenyewe. Mjane anayeshughulikia karatasi mchana na kulia Ijumaa usiku yuko safarini. Dada yako haongei juu ya mumewe, na barua hazifungui. Hayuko kwenye majonzi, na hayuko kwenye ujenzi. Amesimama nje ya pande zote mbili, na kauli yake ndiyo inayomshikilia pale.

Yule mama wangu naye alikuwa hivyo, na sababu ilichukua vikao vinne kujitokeza. Sikumnyang'anya kauli yake. Nilimpa daftari dogo: kila inapotoka aweke mstari mmoja, na kando yake aandike neno moja tu, nini kilitangulia. Wiki ilipoisha alikuwa na mistari thelathini na kitu. Mingi ilitanguliwa na jina la mtoto wa mwisho, na mingine na neno "dawa." Nikamwuliza habari za dawa. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema mumewe aliacha kumeza dawa za shinikizo la damu karibu mwaka mzima bila kumwambia. Alivikuta vidonge kwenye koti, paketi nzimanzima, baada ya mazishi. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Nimemkasirikia. Na nani anamkasirikia marehemu?"

Mara nyingi kinachokwepwa si huzuni. Huzuni inaruhusiwa, watu huja kuishiriki. Hasira kwa marehemu, hasira kwa Mungu, au kile kiasi cha nafuu anachokihisi mtu baada ya kuuguza muda mrefu, hivyo havina mahali pa kuketi msibani. Kauli ya kiroho ndiyo inavifunika, kwa sababu hakuna anayethubutu kuihoji.

Kazi yetu baada ya hapo ilikuwa ya kuchelewesha, si ya kukataza. Tulikubaliana kwamba kauli inapomjia, asiitamke kwa dakika mbili. Ndani ya dakika hizo ataje kwa maneno ya kawaida kilichotokea ("nimeona koti lake") na mwili unahisi wapi. Baadaye aseme "yote ni mapenzi yake" kama bado anataka. Mara moja kwa siku, kwa dakika kumi na tano tu akitazama saa, alimsemesha mumewe juu ya vile vidonge, kisha akainuka akafanya kazi ya mikono. Muda ule una kikomo kwa makusudi: mtu aliyekwepa miezi saba ukimfungulia yote kwa mara moja anazama, na kesho yake anarudi kwenye kauli kwa nguvu zaidi.

Wasiwasi wake mkubwa ulikuwa kwamba hasira ni dhambi. Sikumjibu kama mwanasaikolojia, nilimrudisha kwenye dini yake mwenyewe. Yeye ni Mkristo, akasoma zaburi za maombolezo, zile zinazomwuliza Mungu "hata lini?" bila adabu ya kujificha. Kwa Mwislamu ningemkumbusha Nabii Yakubu, ambaye kwa kumlilia Yusufu macho yake yaligeuka meupe, na ambaye alisema anashitakia huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu. Au Mtume Muhammad, aliyetokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipofariki, akaeleza kwamba jicho linalia na moyo unahuzunika, ila hatusemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Angalia mpangilio: jicho kwanza, moyo, kisha kauli ya imani. Anayekwepa ameyaruka mawili ya mwanzo.

Tulijua inafanya kazi kwa mambo madogo. Alianza kulala kwa saa tano usiku, akiamka mara moja tu. Kauli haikutoweka, ila ilibadilika ikawa "ni mapenzi yake, na mimi inaniuma." Mtoto mdogo, ambaye alikuwa ameacha kabisa kumtaja baba nyumbani, siku moja aliuliza kama anaweza kuvaa saa yake. Watoto huwa wa kwanza kujua mlango umefunguka.

Kuhusu wewe, usimwambie dada kwamba anajidanganya au anajificha nyuma ya dini. Utakuwa umemshambulia mahali pekee palipombeba, na atalazimika kupalinda. Usijadili kauli yake. Ongea habari za shemeji wewe mwenyewe, jambo moja mahususi: "Leo nimepita pale alipokuwa akininunulia gazeti, nimemkumbuka, nikamkasirikia kidogo kwa kutuacha mapema." Usimwulize chochote baada yake. Akisema "Mungu hakosei," mjibu "kweli," ukae palepale, usibadilishe mazungumzo. Mara nyingi sentensi ya pili ndiyo yenye habari, na watu wengi huondoka baada ya ya kwanza. Barua za benki nazo ni msaada wako: mwombe mkae pamoja mfungue moja tu, siyo zote. Huo ni upande wa ujenzi, na kwa wengine ni rahisi kuanzia hapo kuliko kwenye majonzi.

Ipo mipaka ya kaka au dada. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, unatambua majonzi ya muda mrefu kama tatizo la kitabibu pale shauku au mawazo juu ya marehemu yanapotawala kwa angalau miezi sita, kupita kawaida ya jamii na dini ya mhusika, na kuvuruga maisha yake. Miezi minane peke yake haitoshi kusema yuko hapo, lakini kukonda kunatosha kumpeleka kwa daktari, kwani tezi ya shingo, kisukari na sonona navyo hukondesha na kukosesha usingizi. Akisema anatamani kumfuata mumewe, usilipokee kama lugha ya kiroho. Mwulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, au akikwepa kujibu, usimwache peke yake siku hiyo, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu yake, na mfike hospitali pamoja.

Kama hayo hayapo, anza na barua moja ya benki.