Jaza nafasi: -masu, -mashita au -masen?

Katika mazoezi ya Kijapani ya kujaza nafasi, wanaoanza wengi huangalia kitenzi kilicho kwenye mabano na kuanza kuandika papo hapo. Jibu halipo hapo. Kitenzi kinakupa shina tu. Mwisho wake unaamuliwa na maneno mengine ya sentensi, hasa neno la wakati.

Mswahili ana mtego wake. Sisi hutenganisha "hunywa" na "nitakunywa", lakini Kijapani hutumia umbo moja kwa yote mawili. Mainichi koohii o nomimasu: kila siku hunywa kahawa. Ashita koohii o nomimasu: kesho nitakunywa kahawa. Kwa hiyo ukiona ashita (kesho), usihangaike kutafuta mwisho wa wakati ujao, kwa sababu haupo. Ukiona kinoo (jana) au senshuu (wiki iliyopita), andika -mashita. Kyoo (leo) peke yake haitoshi, kwani leo yaweza kuwa imepita au inakuja. Itabidi usome sentensi za jirani.

Ukanushi nao una alama zake. Zenzen (hata kidogo) na amari (si sana) katika mazoezi ya ngazi hii hudai -masen, na vivyo hivyo nani mo (chochote). Tuchukue zoezi hili:

Kesa nani ka tabemashita ka.
Iie, nani mo (taberu) ______.

Kwanza shina: taberu huacha -ru, inabaki tabe. Pili, nani mo inataka ukanushi, kwa hiyo wengi huandika tabemasen na kuridhika. Lakini swali limeuliza kuhusu kesa, asubuhi ya leo, tena kwa -mashita. Mlo huo umeshapita. Jibu ni tabemasen deshita: sikula chochote.

Hapo ndipo makosa hujaa. Utakuta "tabemasenmashita", kwa kuwa mwanafunzi anadhani ukanushi na wakati uliopita hubandikwa kimoja juu ya kingine. Sivyo. -Masen haibadiliki, deshita ndiyo inayobeba wakati uliopita, na huandikwa baada yake.

Kagua pia shina kabla ya kufunga daftari. Nomu huwa nomi-, iku huwa iki-, suru huwa shi-, kuru huwa ki-. Kaeru (kurudi nyumbani) hudanganya: inafanana na taberu kwa kuishia na -eru, lakini shina lake ni kaeri-, hivyo jana nilirudi ni kinoo kaerimashita. Ukiandika "kaemashita", umekibadilisha kitenzi: hicho ni cha kaeru nyingine, yenye maana ya kubadilisha.

Na kama sentensi ina ima (sasa hivi) na mtu yumo katikati ya kula, hakuna kati ya miisho hii inayofaa. Huko hutumika tabete imasu.