Vitesi haibembelezwi: maneno kwa wapeti wapya wa garaji

Juzi hapa garaji, Ndosho, Goma, nimemuona petit mmoja anajaribu pikipiki tuliyotoka kuifunga. Anapandisha vitesi kwa kidole cha mguu kama mtu anayetoka chumbani bila kuamsha mtoto, polepoleee, na kila mara chini kunalia krrr, na yeye ananiangalia anacheka, "Ya mukubwa, naichunga." Unaichunga! Miaka 15 iliyopita na mimi nilikuwa nachunga hivyo hivyo. Na jioni huyo huyo anakaa na telefone anaangalia gari za rali zinavyobadilisha vitesi pa! pa! pa!, ananiuliza ile bwati ya vitesi imetengenezwa na nini. Mdogo wangu, ile bwati ni ndugu ya hii uliyokalia. Ndo maana nimeamua kuandika, nimechoka kusema kitu kile kile kila Jumatatu.

1. Krabo si sinkro.

Mnajua pinyo, yale magurudumu ya meno ya bwati ya pikipiki, zote zinashikana muda wote, mbili mbili. Katika kila jozi moja imefungwa na shafti yake, ingine inazunguka bure, haivuti kitu. Kuingiza vitesi maana yake ni kuifunga ile ya bure na shafti, na kinachofunga ni krabo, yale meno manene ya ubavuni yanayoingia kwenye madirisha ya pinyo jirani.

Kwenye gari ya kawaida, ya kupeleka mama sokoni, kazi hiyo inafanywa na meno madogo madogo mengi, yako karibu karibu, na mbele yake kuna pete ya sinkro. Pete inasugua koni mpaka pande mbili zizunguke sawa, na kabla hazijawa sawa inazuia, hata usukume namna gani. Ndo ile sekunde unasikia mkononi levye inagoma kidogo kisha inaingia laini kama kisu ndani ya siagi. Nzuri, lakini unangoja, na wakati unangoja ambreyaji iko chini, mota haivuti gari.

Sasa chukua mfano, na nyie mnaoogopa hesabu msikimbie. Tuseme unatoka ya pili kwenda ya tatu, na pinyo ya tatu inazunguka mbio kuliko shafti yake kwa mizunguko 400 kwa dakika. Hiyo ni digrii 2400 kila sekunde. Krabo ziko nne tu, madirisha ni mapana, tuseme jino limebakiwa na nafasi ya digrii 36 ya kuingilia. Gawanya: dirisha linapita mbele ya jino kwa milisekunde 15. Ni kidogo, ndiyo, lakini furshet, ule uma unaosogeza pinyo, ikisukumwa kwa nguvu moja inatosha jino kuzama. Fanya hesabu hiyo hiyo na meno ya gari, nafasi yake digrii mbili hivi, inatoka chini ya milisekunde moja, hakuna mguu wala mkono utakaowahi. Ndo maana gari inahitaji sinkro na krabo haihitaji. Wala hakuna chuma cha siri, ni nafasi tu: meno machache, manene, madirisha mapana, yanaingia hata kama mbio hazijalingana, yanagonga ubavu, paf, imeshika.

Na sasa rudi kwa huyu anayechunga. Akisukuma polepole, milisekunde 15 zinapita na jino limeingia kwa ncha tu. Ukingo unagonga ukingo, linatupwa nje, linarudi, linatupwa. Hiyo krrr unayosikia ni kona za krabo zinakuwa mviringo kama sabuni ya mwisho wa wiki. Kwa hiyo levye inapigwa moja, kwa uhakika, mpaka mwisho. Sijasema uipige kama unaua nyoka, kuna mmoja alinielewa hivyo akapinda furshet.

2. Barile ndo inafanya isikosee.

Levye ya pikipiki haichagui vitesi, inazungusha barile, ile silinda yenye mifereji, hatua moja, na mifereji hiyo ndo inapeleka furshet kulia ama kushoto. Bwati ya gari ya mbio ya aina hii ni hivyo hivyo, vuta inapanda moja, sukuma inashuka moja, hakuna kutafuta njia za H, hakuna kuruka kutoka ya tano kwenda ya pili kwa bahati mbaya na kulipua mota. Siku Ferrari walipoleta levye za nyuma ya usukani, gari ya 640 ya Formula 1, mwaka 1989, na dereva wao Mansell akashinda mbio ya kwanza kule Brazili, watu walifikiri ujanja uko kwenye levye. Levye zilikuwa za kuamuru tu, ndani kulikuwa krabo.

Kinachobaki ni mzigo. Krabo nzuri hazijakatwa wima, ubavu wake umelala kidogo kwa ndani, digrii chache tu, ili ukivuta gazi zizidi kushikana zenyewe. Maana yake ukiwa kwenye gazi huwezi kuzichomoa, hata usimame juu ya levye. Unatakiwa uondoe mzigo kidogo sana, kitambo cha kope. Kwenye mbio kuna kapteri kwenye levye, ikisikia mguu inakata moto wa buji kwa milisekunde hamsini, sitini hivi, krabo zinalegea, barile inazunguka, moto unarudi, dereva hakugusa ambreyaji wala kuachia gazi. Nyie hamna kapteri, muna mkono: wekea levye uzito kidogo kwa chini, achia gazi robo, inaingia yenyewe, rudisha gazi. Kwa kushuka vitesi ni kinyume, unaipa mota gazi kidogo ipande, la sivyo gurudumu la nyuma litakufundisha.

Na ule mlio wa filimbi mnaoupenda kwenye gari za mbio, mniache nao, ni wa pinyo za meno ya wima, krabo hazihusiki.

3. Dhambi yangu.

Hii naisimulia mara moja kisha musiniulize tena.

Nilikuwa na mwaka wa pili garaji, najiona fundi. Motari mmoja, baba wa watoto wanne, alileta pikipiki yake ya 150 inaruka ya pili. Mnajua ugonjwa wenyewe: anapanda, amebeba, ghafla mota inalia juu kama imeachiwa, kisha tap! inashika tena, kisha inaachia. Mzee wa garaji alikuwa amesafiri Bukavu kwa matanga. Nikafungua karteri mwenyewe, nikaona krabo, kona zote zimekuwa mviringo, zinang'aa. Pinyo mpya na furshet zilikuwa zinatoka Kampala, wiki moja, na bei yake yule baba hakuwa nayo, kila jioni alikuwa na pesa ya kumpelekea patro. Akaniuliza, "Fundi, hakuna namna?" Neno "fundi" likanipanda kichwani.

Nikachukua mele. Nikazisaga zile krabo mpaka kona zikarudi kali, mraba, nzuri kwa macho, hata nikamuita jirani anayeuza kredi aje aone. Nikafunga, nikajaribu mpaka Katindo na kurudi, hairuki. Nikapokea dola 10.

Makosa yalikuwa matatu na yote nilikuwa nayo mkononi. La kwanza, nilizisaga wima, ule mlalo wa ndani nikauondoa, kwa hiyo gazi haikuzivuta tena zishikane, ilizisukuma zitoke. La pili, pinyo imekomazwa juu tu, ile ngozi ngumu mara nyingi haifiki milimita moja, ndani ni chuma laini ili isivunjike kama sahani, na mimi ngozi niliimwaga chini pamoja na cheche. La tatu ndo lilimaliza kazi: kwa macho huwezi kusaga krabo nne sawasawa. Moja ilibaki mbele ya wenzake kwa unywele tu, na huo unywele ulitosha, jino moja likabeba kazi ya wanne.

Siku ya tatu alipanda Mushaki, toka Sake, kwenda kuchukua viazi. Alikuwa kwenye ya pili, na abiria nyuma. Krabo ilivunjika, kipande kikaanguka kati ya pinyo mbili zinazozunguka, hazikuwa na pa kukiweka, zikapasua karteri. Gurudumu la nyuma lilifunga pale pale. Namshukuru Mungu ilikuwa mpando, mbio ilikuwa ndogo, waliangukia upande wa mlima, goti na kiwiko tu. Pikipiki ilirudi Goma juu ya lori la makaa, mafuta yote yamebaki barabarani. Yule baba hakunitukana. Alikaa kwenye tairi pale mlangoni akasema, "Mwanangu, ungeniambia haiwezekani." Nilimlipa karteri, pinyo mbili, furshet na shafti, miezi mitano ya mshahara nusu nusu, na mzee aliporudi alikiweka kile kipande cha krabo juu ya etabli yangu, kikakaa pale mwaka mzima, kila mteja anauliza ni nini.

Kwa hiyo, mbele ya kufunga, fanya alichonifundisha mzee baadaye. Shika pinyo mbili mkononi, ziingize, zizungushe upande wa kuvuta, kisha jaribu kuzitenganisha huku unakaza. Nzima zinakataa. Zilizokufa zinateleza taratibu zinatoka, na hapo hakuna mele, hakuna lima, ni mpya, zote mbili zinazoshikana. Paka krabo rangi ya fetri, zizungushe tena, angalia rangi imefutika kwenye ngapi. Na ukipitisha lima pembeni ikateleza kama kwenye kioo, ngozi iko, ikiuma chuma, mwenzio alishapita na mele mbele yako.

4. Mengine haraka. Furshet iliyosuguka upande mmoja inafanya krabo iingie nusu, ibadilishe na pinyo. Kabo ya ambreyaji isiyoachia yote inakupa krrr hata na krabo mpya, anza na hiyo kabla ya kufungua mota ya mtu. Mafuta ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano hayaingii humu, ambreyaji inaogelea ndani ya mafuta hayo hayo itateleza. Bwati ya mbio inafunguliwa na kuangaliwa mara kwa mara, hii ya motari inafunguliwa ikishalia, kwa hiyo musicheke ile ikivunjika.

Petit wa juzi nimemrudisha kwenye pikipiki. Safari ya kwanza kaipiga levye mpaka sapo imelegea. Kesho anaikaza.