Rasimu ya akili mnemba: anza na madai, maneno baadaye

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina insha ya historia kuhusu vijiji vya Ujamaa. Rasimu ya kwanza niliandikiwa na programu ya akili mnemba. Nimeshabadilisha karibu maneno yote lakini bado naona si kazi yangu. Kwa mfano kuna hii: "Baada ya Azimio la Arusha la 1967 wakulima walilazimishwa kuhamia vijijini, na uzalishaji wa chakula ukaporomoka." Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Umeona sawasawa. Maneno ni yako sasa, lakini hoja bado ni ya aliyeipanga.

Chapisha rasimu, kisha pembeni mwa kila dai andika ukurasa ulikolisoma wewe mwenyewe. Dai lisilo na ukurasa likate, hata kama unaliamini. Marejeo nayo yatafute moja moja. Mara nyingi mwandishi yupo kweli ila kitabu hakipo, au kitabu kipo na ukurasa uliotajwa unasema jambo jingine kabisa.

Sasa tuitazame sentensi yako. Fungua Azimio lenyewe: utakuta kujitegemea, kilimo na masharti ya viongozi, lakini amri ya kuhama huioni. Soma na andiko la Mwalimu Nyerere la Septemba 1967, Ujamaa Vijijini, linalosisitiza hiari. Amri ilikuja Novemba 1973, alipotangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima. Sentensi yako imemeza miaka sita, na humo ndani mna jambo zito: mwaka 1969 chama tawala kilivunja ushirika wa vijiji vya Ruvuma, ambao wakulima waliuanzisha wenyewe. Kwa nini chama kinachohubiri hiari kivunje kilichojengwa kwa hiari? Swali hilo rasimu haikuliuliza. Likikukera, hapo ndipo insha yako inapoanzia.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Uhamishaji mkubwa uligongana na ukame wa 1973 na 1974, kwa hiyo huwezi kuubebesha uhamishaji lawama yote ya njaa. Tafuta wilaya iliyohamishwa lakini ikapata mvua ya kutosha, ulinganishe mavuno yake ya kabla na baada. Usipoipata, andika wazi kwamba sababu hizo mbili umeshindwa kuzitenganisha. Msahihishaji makini ataiheshimu sentensi hiyo kuliko hitimisho la kubuni.

Ukishapata madondoo yako, ifungie rasimu kabatini na uandike upya ukiyatazama madondoo tu. Ukimaliza, linganisha mpangilio wa aya. Zikifuatana kama zilivyokuwa, na huwezi kueleza kwa nini ya tatu inatangulia ya nne, bado unatembea juu ya nyayo za mashine.

Kabla ya kukusanya, mwambie mwalimu wa somo jinsi ulivyoanza, kwani baadhi ya idara hazikubali kabisa. Rasimu ya kwanza usiitupe. Mpelekee pamoja na madondoo, na mistari uliyoikata ionekane.