Kufungua pakiti au kununua kadi yenyewe: hesabu yake

"Wakuu, kuna kadi ya mchezo wa Magic naitaka, ile ya daraja la juu kabisa. Inauzwa kwa bei ya pakiti 12. Si bora nifungue pakiti hizo 12? Huenda nikaipata, na nyingine zitabaki kuwa faida."

Mkuu, nunua kadi yenyewe. Mimi sigusi pakiti ya toleo lolote kabla ya kupitia orodha ya bei za kadi zake, na hesabu naifanya hivi.

Chukua mpangilio wa toleo la Shards of Alara la 2008, uliorudiwa kwenye matoleo mengi makubwa: kadi adimu 53 na adimu kabisa 15, ambalo ndilo daraja la kadi yako. Karatasi ya uchapaji ilikuwa na nafasi 121. Kila adimu ilichapwa mara mbili, kila adimu kabisa mara moja, na pakiti ilipata kadi moja ya kundi hilo. Kwa hiyo uwezekano wa kuipata yako ni 1 kati ya 121 kwa kila pakiti. Pakiti 12 zinakupa chini ya asilimia 10. Boksi zima la pakiti 36 linakupa kama asilimia 26 tu.

Sasa hizo "nyingine". Tufanye bei ya pakiti ndiyo kipimo chetu, yaani 1. Kadi yako ni 12. Tuseme adimu kabisa 14 zilizobaki zina wastani wa 1.5, jumla 21. Adimu tatu zinazotafutwa ni 3 kila moja, na 50 zilizosalia ni 0.15 kila moja. Jumla ya adimu zote ni 16.5, ambayo tunaizidisha kwa mbili kwa sababu zimechapwa mara mbili. Ukijumlisha unapata 66. Gawanya kwa 121: thamani tarajiwa, yaani wastani wa kila pakiti, ni kama 0.55.

Na huo wastani wenyewe unabebwa na kadi chache. Pakiti 100 kati ya 121 zitakupa adimu ya 0.15. Ukitaka kuuza, mnunuzi wa jumla hakupi bei ya orodha, na ukiuza mwenyewe kuna makato na gharama ya kutuma. Kadi za kawaida zinaongeza kidogo sana, tena nyingi hazipati mnunuzi.

Thamani ikipanda kupita bei ya pakiti haikai huko. Wauzaji wanafungua maboksi kwa wingi, kadi zinajaa sokoni, bei zinashuka. Ndiyo maana bei za wiki ya kwanza ya toleo zinadanganya: ukizitumia, pakiti itaonekana ina faida, na ukija kuuza bei imeshaanguka.

Pakiti za siku hizi zina nafasi zaidi ya moja ya kadi adimu, kwa hiyo piga hesabu ya kila nafasi peke yake kwa viwango anavyotangaza mtengenezaji, halafu ujumlishe. Mimi nafungua tukikaa kucheza drafti ya Magic, ambapo kila mtu anafungua pakiti na kuchagua humo kadi za kuchezea, maana pale pakiti ndiyo mchezo wenyewe.