Mwaliko wenye siku, saa na mlango wa kutokea

"Nimemwandikia mara mbili 'tupatane siku moja'. Anasema sawa, halafu kimya. Ananichezea?" (Kondele, Kisumu)

Hujamwalika popote. "Siku moja" haina tarehe, basi na "sawa" yake haina uzito. Andika hivi:

"Habari Akinyi. Jumamosi hii saa kumi jioni naenda kula samaki Dunga. Ungependa tukae pamoja kama dakika arobaini? Nalipa mimi. Kama siku hiyo haikufai, au hujisikii kukutana, niambie tu, hakuna neno."

Usifute "au hujisikii kukutana". Ukimwachia kisingizio cha siku peke yake, asiyekutaka atalazimika kutunga safari ya ushago, nawe utamletea Jumamosi nyingine. Dakika arobaini zinamwezesha kuondoka bila kuomba ruhusa, na saa kumi inamrudisha nyumbani kungali mchana. Neno "jioni" nalo liandike. Ukituma "10" tupu, kuna atakayesoma saa nne asubuhi. Na usiongeze kwamba umeshaomba ruhusa kazini. Huo ni mzigo unaombebesha kabla hajajibu.

"Yuko Njoro, mimi Nakuru mjini. Nimtumie nauli ndiyo aje?" (Nakuru)

Kila wiki swali hili, na kila wiki kuna anayelia kwamba nauli "imeliwa". Ukishatuma pesa, kukataa kunakuwa deni: akibadili nia itabidi akurudishie au azime simu, na wengi huzima simu. Njoro ni matatu moja tu. Panda wewe. Chagua hoteli yenye watu karibu na steji, au achague yeye. Nauli ikibidi, mpe mkononi mkiachana, hata kama mazungumzo yalipooza.

"Amesema Jumamosi ana shughuli. Nimpe Jumapili?" (Kakamega)

Alitaja siku nyingine? Anayetaka kuja husema, "Jumamosi siwezi, labda Jumatano nikitoka kazini." Huyo mjibu upesi, kwa saa na mahali. Aliyesema ana shughuli akanyamaza, mwandikie mara moja tu: "Sawa kabisa. Ukipata nafasi siku nyingine, nitafurahi ukiniambia." Kisha uache simu. Usimuulize ni shughuli gani. Ukimuuliza, ile "hakuna neno" uliyoandika mwanzo inageuka uongo.

"Mimi ni mwanamke. Naweza kuandika kwanza?" (Bungoma)

Unaweza. Ujumbe ni ule ule, pamoja na "nalipa mimi".

"Tiki mbili za bluu tangu jana. Nipige simu?" (Kisumu)

Usipige.

"Hoteli ni ghali. Nimwalike kwangu tupike ugali?" (Nakuru)

Mara ya kwanza, hapana. Kwako hawezi kuinuka na kuondoka kama mezani pa hoteli, hasa ukiwa umefunga geti. Chai na mandazi kibandani vinatosha. Na usimwandikie "njoo kwangu, sing'ati". Sijui nani aliwafundisha hiyo.