Usimruke wakala aliyewahi kupeleka jina lako

*"Mwezi wa tatu wakala wa ajira alinitafutia nafasi ya uhasibu, nikaikataa kwa sababu kazi yangu ilikuwa salama. Sasa mkataba wangu hauongezwi, na nafasi ileile imetangazwa tena. Nimrudie vipi bila aibu? Nimpigie au nimwandikie? Nitaje mshahara ninaoutaka? Rafiki yangu ananishauri nimruke, nipeleke maombi moja kwa moja kwenye kampuni."*

Usimruke, na kama barua ya maombi umeshaiandika, usiitume. Ushauri aliokupa rafiki yako ndio niliopewa mimi, karibu neno kwa neno, nami niliufuata nikapoteza kazi ambayo nilikuwa nimebakiza kusaini tu.

Mwezi Februari wakala mmoja wa hapa Dar es Salaam alinipigia kuhusu nafasi ya mhasibu mwandamizi katika kampuni ya usambazaji yenye ghala Barabara ya Nyerere. Tulizungumza mara mbili, nikampa wasifu wangu, naye akanitumia barua pepe ya mistari mitatu akiniomba nithibitishe kwamba naridhia apeleke jina langu kwa mwajiri. Nilijibu neno moja, "Naridhia." Wiki mbili baadaye, kabla hata sijaitwa kwenye usaili, ofisini kwangu wakaniahidi kuniongezea mkataba, nikamwandikia wakala kwamba najitoa. Niliamini kwamba nikishajitoa mambo yamekwisha, wala sikufikiria kwamba jina langu lilikuwa limebaki katika kumbukumbu za kampuni ile, likiwa na tarehe na jina la aliyelipeleka.

Mwezi Septemba ufadhili wa mradi uliokuwa ukinilipa ulikoma, na siku chache baadaye nikaliona tangazo la nafasi ileile. Nilikuwa nimeshika simu nimpigie wakala, lakini mfanyakazi mwenzangu wa zamani akanizuia. "Huyo ni dalali tu," akaniambia. "Ukienda mwenyewe kampuni inaokoa kamisheni, na watakupenda zaidi." Mpaka leo nikikumbuka uhakika aliokuwa nao wakati akisema maneno hayo, moyo unanichemka, kwa sababu hakuwahi kuajiriwa kupitia kwa wakala hata siku moja, na wala hakuniuliza kama jina langu lilikuwa limeshafika kule. Mtu asiyejua mkataba wa watu wengine unasema nini hana haki ya kumpeleka mwenzake mbele kwa ujasiri namna ile.

Nilituma maombi mwenyewe. Usaili wa kwanza ukaenda vizuri, wa pili ukaenda vizuri zaidi, tukakubaliana mshahara wa shilingi 2,500,000 kwa mwezi, nikaambiwa barua ya ajira inaandaliwa. Siku ya nne ofisa rasilimali watu akanipigia, sauti yake si ile niliyoizoea, akaniuliza swali moja: "Kuna wakala aliyewahi kutuletea jina lako?" Nilipojibu kwamba yuko, lakini nilijitoa zamani, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia angenipigia tena. Hakupiga.

Kilichotokea nilikuja kuelezwa baadaye na wakala mwenyewe. Mkataba wake na kampuni ile ulisema kwamba mtu yeyote atakayempeleka, akiajiriwa na kampuni ndani ya miezi 12 tangu siku jina lilipowasilishwa, wakala atalipwa asilimia 20 ya mshahara wake wa mwaka, hata kama mtu huyo amekuja kwa njia nyingine. Mshahara wangu wa mwaka ulikuwa shilingi 30,000,000, kwa hiyo ada ilikuwa shilingi 6,000,000. Kampuni ilikuwa imenichagua ikidhani hailipi kitu, na pale ilipogundua kwamba kunichukua mimi kunakuja na ankara ya milioni sita au ugomvi na wakala wanayemtegemea kwa nafasi nyingine, ikamchukua aliyekuwa wa pili, ambaye hakuwa na mtu wa kumdai. Sikukosa kazi ile kwa kushindwa usaili. Niliikosa kwa sababu ya tarehe moja ya mwezi Februari.

Fikiria dalali aliyekuonyesha chumba Sinza, kisha jioni ukarudi kimyakimya kuongea na mwenye nyumba ili usilipe ile kodi ya mwezi mmoja anayodai. Dalali akipata habari, mwenye nyumba hataki kelele mlangoni kwake, anampangisha mwingine. Kwenye ajira hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa anayedaiwa ada si wewe bali mwajiri, hivyo huwezi hata kusema utailipa mwenyewe ili yaishe.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, fahamu kama jina lako lilifika kwenye kampuni. Ikiwa ulikataa kwenye simu ya kwanza na hukutoa idhini, inawezekana halikupelekwa, na hapo huna kifungo. Ikiwa lilipelekwa, kwa kawaida muda huhesabiwa kuanzia siku lilipowasilishwa, si siku uliyokataa. Mikataba mingine huweka miezi 6, mingine 12, na wewe hutaonyeshwa mkataba huo kwa sababu ni wao wawili waliousaini. Huwezi kukisia. Wakala ndiye anayejua, na ndiyo maana unaanza kwake. Akikujibu kwamba hana tena makubaliano na kampuni ile, au kwamba muda umekwisha, mwombe akuandikie hivyo kwa barua pepe, kisha peleka maombi yako mwenyewe ukiwa na ushahidi mkononi.

Kuhusu aibu, amini kwamba wakala hakuwekei kinyongo kwa kukataa. Kukataliwa ni sehemu ya kazi yake ya kila siku. Anachokiogopa ni kukupeleka mara ya pili halafu ukajitoa tena mbele ya mteja wake, au ukaajiriwa na kuondoka mapema, kwa sababu mawakala wengi huahidi kuleta mtu mwingine bila malipo aliyeajiriwa akiondoka ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Ukimwambia tu kwamba "hali imebadilika" hujamwondolea hofu hiyo. Mtajie kilichobadilika na tarehe yake. Mimi nilipomrudia, nikiwa nimeshachelewa, niliandika hivi:

"Habari za kazi. Mwezi Februari uliniwasilisha kwa nafasi ya mhasibu mwandamizi, nikajitoa kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa mkataba mpya. Mradi niliokuwa ninaufanyia kazi ulifungwa tarehe 30 Septemba, kwa hiyo sababu ile haipo tena na ninaweza kuanza mara moja. Naomba kujua ni kampuni zipi ulizopelekea jina langu na lini, ili nisiende kwa mwajiri yeyote bila wewe kujua. Mwezi huu niliomba mwenyewe kwenye ile kampuni ya usambazaji, na sasa naelewa kwamba ilinipasa nikuulize kwanza."

Sentensi ile ya mwisho iliniuma kuiandika, na wewe bado una nafasi ya kutoihitaji. Alinijibu siku ileile, akanieleza hayo niliyokusimulia kuhusu ada, na akaniambia wazi kwamba kwa kampuni ile hawezi tena kunisaidia.

Leo hii, kabla hujampa rafiki yako jibu lolote, fungua barua pepe zako za mwezi wa tatu, andika jina la wakala kwenye sehemu ya kutafuta, kisha angalia kama kuna ujumbe mahali uliposema unaridhia. Ukiukuta, andika tarehe yake kwenye karatasi, kisha umwandikie wakala umuulize ni siku gani hasa aliliwasilisha jina lako, na uhesabu miezi kutoka siku hiyo.